Jina la Waifai Halithibitishi Mwenyewe

Unapofungua orodha ya waifai kwenye simu na kuona jina unalolifahamu, kwa mfano Hotel_Guest, unachokiona ni maandishi tu yaliyochaguliwa na aliyetega mtambo wa kurushia. Jina hilo, ambalo haliwezi kuzidi baiti 32, halisajiliwi popote, na mtu aliyeketi ukumbini na ruta ndogo ndani ya begi anaweza kurusha lilelile bila kizuizi chochote.

Simu nayo hudanganyika kwa urahisi. Ikishaunganishwa mara moja na mtandao usio na nenosiri, hukumbuka jina lake na aina ya ulinzi wake, kisha inapokutana tena na sifa hizo mbili inaweza kujiunga yenyewe, hata kama uko mji mwingine. Isitoshe, mitandao miwili yenye jina moja na ulinzi wa aina moja kwa kawaida huonekana kwenye orodha kama mmoja, kwa kuwa mfumo uliundwa hivyo ili jengo lenye ruta nyingi lisimsumbue mtumiaji. Kwa hiyo ushauri uliozoeleka wa kutazama kama jina limejirudia una manufaa madogo kuliko inavyodhaniwa.

Kinachosaidia zaidi ni kumwuliza mhudumu kabla ya kujiunga: mtandao wenu unaandikwaje hasa, una nenosiri, na ukurasa wa kuingilia unauliza nini? Tuseme mapokezi wanakujibu kwamba ni Hotel_Guest, una nenosiri, na ukurasa unauliza namba ya chumba pekee. Ukiona Hotel_Guest isiyo na alama ya kufuli, huo si wao, hata mawimbi yake yawe na nguvu kiasi gani. Ikiwa na kufuli, bado usijiachie, kwa sababu nenosiri linalopewa kila mgeni analijua pia mwigaji aliyepanga hapo. Hapo ndipo ukurasa wa kuingilia unapokuwa kipimo: ukidai nenosiri la baruapepe yako, au namba ya siri ya benki, ondoka mara moja.

Tovuti nyingi leo husimba mawasiliano kwa https, na hilo humzuia mwigaji kusoma unachoandika ndani yake, ingawa kwa kawaida bado anaweza kuona majina ya tovuti unazotembelea na kukuletea kurasa za bandia. Kivinjari kikikuonya kuhusu cheti cha usalama unapofungua tovuti ya benki, usibonyeze kuendelea. Zima waifai, kisha tumia data ya simu.

Kabla hujaondoka mahali hapo, fungua mipangilio ya waifai, uguse jina la mtandao huo na uchague Forget, au angalau uzime Auto-Join, ambayo kwenye simu nyingi za Android huandikwa Auto-connect, ili simu isiunganishwe tena bila wewe kujua.