Nyuma ya paja: maumivu kuisha si kupona

“Ukivutika msuli wa nyuma ya paja, pumzika mpaka maumivu yaishe, kisha rudi kucheza.”

Tafadhali msiusambaze ujumbe huu. Unaaminika kwa sababu maumivu ya kutembea huisha mapema, lakini msuli bado ni dhaifu unaporefuka, mguu unapotupwa mbele katika mbio za kasi. Hapo ndipo huchanika tena.

Jipime: lala chali, weka kisigino juu ya kiti, inua kiuno kwa mguu mmoja. Mguu ulioumia ukichoka mapema kuliko mzima, bado haujawa tayari. Endelea na zoezi hilo. Ukiimarika, piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, ujishushe mbele polepole: wiki ya kwanza siku 1, seti 2 za mara 5, wiki ya pili siku 2. Mbio nazo ziongezwe kidogo kidogo hadi kasi kamili.