Homuweki ya sensa: dogo kaandika "chanzo: Google", sasa tuongee

Tuchukue homuweki moja ya jiografia kidato cha pili au cha tatu, ile ya "eleza ongezeko la watu Tanzania kati ya 2012 na 2022". Inaonekana nyepesi kweli, dogo anashika simu ya mama yake, dakika kumi kamaliza. Ila ukikaa naye ukamuuliza hii namba umeitoa wapi, hapo ndo unaona dhana ziko nyingi kichwani, na nyingine hata sisi wakubwa tunazo.

Dhana: Jibu la kwanza Google ndo jibu sahihi, lingekuwa uongo wasingeliweka juu

Google haikagui homuweki ya mtu. Inapanga kurasa kwa kuangalia zinaendana vipi na maneno uliyoandika na mambo mengine kibao, na wakati mwingine zile za juu kabisa ni matangazo yaliyolipiwa. Afu kuna kile kiboksi cha jibu kinachotokea juu, kimenyofolewa kwenye ukurasa wa mtu bila yale maelezo ya pembeni. Dogo akiuliza idadi ya watu Tanzania anaweza kupata milioni 44.9, milioni 59.9, milioni 61.7 au zaidi ya milioni 64, na cha ajabu zote hizo zina kwao, hamna iliyobuniwa.

Milioni 44.9 ni sensa ya 2012 (44,928,923 kamili). 61,741,120 ni sensa ya Agosti 2022. 59,851,347 ni sensa hiyohiyo ya 2022 lakini Tanzania Bara peke yake, ukijumlisha Zanzibar 1,889,773 ndo unapata ile ya juu. Na ile ya zaidi ya milioni 64 kwa mwaka huohuo 2022 inatoka kwenye makadirio ya kimataifa, yale ya Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, ambayo ni hesabu za kitaalamu, hamna karani aliyepita nyumba kwa nyumba kuyapata.

Sasa angalia kinachotokea. Mwanafunzi akichukua 2012 kwenye sensa na 2022 kwenye makadirio, anapata ongezeko la kama asilimia 44. Akitumia sensa na sensa anapata kama asilimia 37. Kukokotoa kakokotoa vizuri kote kuwili, mwalimu akipitia haraka haoni tatizo, ila jibu la kwanza limechanganya vitu viwili visivyolingana. Kwa hiyo swali la kumzoesha mtoto ni hili: nani kahesabu, kahesabu eneo gani, mwaka gani? Ukurasa usiojibu hayo matatu aupite tu, hata kama umepambwa vipi.

Dhana: Tovuti ikiwa na kale kakufuli basi ni ya kuaminika

Hapana. Kakufuli, au https, maana yake mazungumzo kati ya simu yako na ile tovuti yamefichwa, mtu wa katikati hasomi. Tapeli naye anaweka kakufuli, tena bure.

Dhana: Mwisho wa anwani unakwambia kila kitu, .org ni ya kweli na .com ni ya biashara

Hii naisikia hadi kwa walimu. Ukweli ni kwamba .org anaweza kusajili yeyote mwenye hela kidogo, hamna anayeuliza wewe ni shirika gani. Hapa kwetu .go.tz ndo tofauti, hiyo ni ya taasisi za serikali, na .ac.tz ni ya vyuo na taasisi za elimu. Kwa homuweki ya sensa basi njia fupi ni kuandika hivi kwenye Google:

```
sensa 2022 idadi ya watu site:go.tz
```

Hapo zinakuja kurasa za serikali tu, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni nbs.go.tz. Mfundishe dogo kusoma anwani kuanzia kulia kabla ya ule mkwaju wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://, kwa sababu mtu anaweza kubandika "nbs" na "go" mwanzoni halafu mwisho ikaishia .com, na hiyo sio serikali.

Ila na serikali nayo usimeze tu. Ukurasa wa halmashauri unaweza kuwa bado una namba za 2012 kwa sababu hamna aliyeubadilisha. Tena hapa watoto wanajichanganya sana: tarehe ya makala sio tarehe ya takwimu. Blogu imeandikwa juzi, ndani inatumia sensa ya 2012, dogo anaandika "mwaka huu Tanzania ina watu milioni 44".

Dhana: Tovuti tano zikisema kitu kimoja basi ni kweli

Inategemea kama ni tano kweli. Blogu zetu zinakopiana neno kwa neno, mpaka makosa ya herufi. Jaribu hivi, kopi sentensi moja ndefu kwenye ukurasa, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google uitafute. Zikija kurasa saba zenye sentensi ileile, basi huna mashahidi saba, una mmoja, na pengine hata yeye hajulikani ni nani. Na zile tovuti zenye saa inayohesabu watu wakiongezeka kila sekunde, watoto wanazipenda mno, ile ni hesabu inayokimbia kutokana na makadirio, hamna mtu anayeripoti vizazi pale.

Dhana: Wikipedia ni marufuku

Wengine wanaambiwa wasiiguse kabisa, matokeo yake wanaitumia kimyakimya halafu hawaandiki. Mi naona ni bora aifungue, asome apate picha, halafu ashuke chini kwenye tanbihi, abonyeze kale kanamba kadogo kaliko pembeni ya ile takwimu aone kanampeleka wapi. Kakimpeleka kwenye ripoti ya sensa, anafungua ripoti na kuandika ripoti. Kama pembeni ya takwimu hamna kanamba, au linki imekufa, hiyo takwimu aiache mpaka aipate kwingine.

Dhana: Chanzo kinaandikwa mwisho, ukishamaliza kazi

Hapa ndo "chanzo: Google" inapozaliwa. Saa nne usiku, kurasa kumi na tano zimefunguliwa, bando linaisha, nani atakumbuka ile namba ilikuwa wapi? Chanzo kinaandikwa palepale namba inapoingia kwenye daftari. Gawa ukurasa kwa mstari, kushoto jambo lenyewe, kulia lilipotoka, mfano:

Kushoto: *Watu 61,741,120, Tanzania nzima, sensa ya Agosti 2022.*
Kulia: *Ofisi ya Taifa ya Takwimu, matokeo ya sensa 2022, nbs.go.tz, ukurasa wa PDF, siku niliyofungua.*

Siku ya kufungua sio urembo, kurasa zinabadilishwa na nyingine zinafutwa. Na kama ni PDF aandike namba ya ukurasa, maana ripoti hizi ni ndefu na mwalimu hawezi kuzisoma zote kutafuta mstari mmoja.

Kuna wanaodhani wakibadilisha maneno hawahitaji kutaja chanzo. Maneno umebadilisha sawa, ila hao watu milioni 61 hukuwahesabu wewe, kwa hiyo taja aliyewahesabu. Na ile picha ya takwimu iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa, hata kama kaituma kiranja, upande wa kulia wa daftari unabaki mtupu mpaka ripoti yenyewe ipatikane.