Choa Kikishachomwa, Hakitambuliki Tena

Kijana mmoja alifika kliniki akiwa na kidonda kipana kwenye mkono, chekundu, chenye majimaji na ukoko wa manjano, nasi kwa kukitazama tu hatukuweza kujua kilianza kama nini. Maelezo yake ndiyo yaliyotusaidia: wiki tatu kabla yake palikuwa na duara dogo linalowasha, ukingo wake umeinuka na kutoa magamba, huku ngozi ya katikati ikiwa imeanza kusafika. Hiyo ni sura ya choa.

Alianza kwa kukipaka dawa ya meno. Muwasho ukatulia, akadhani anapona, kumbe ubaridi ule ulitoka kwenye mentholi, ambayo huamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi na kuufunika muwasho kwa muda. Neno "dawa" katika jina hilo limewapotosha wengi, kwani ndani yake mna sabuni na chembe za kusugulia meno, vitu vinavyokausha na kukwaruza ngozi ambayo tayari ni dhaifu.

Muwasho uliporudi, alilowesha pamba kwa dawa ya kuondoa madoa ya nguo bila kuizimua, akaifunga kwa kitambaa usiku kucha. Kemikali hiyo huyeyusha mafuta na protini za ngozi, na kwa kuwa ilifungwa isikauke, iliendelea kuchoma hadi asubuhi. Fangasi wa choa huishi kwenye tabaka la juu la ngozi, lililokwisha kufa, na hujificha pia kwenye vinyweleo. Kwa hiyo ngozi hai iliungua, na baadhi ya fangasi wakabaki pembeni.

Ili kuthibitisha choa, tunakwangua magamba ya ukingoni, tunayaweka kwenye potasiamu haidroksaidi, kisha tunatafuta nyuzi za fangasi kwa hadubini. Kidonda kilichoungua hakina magamba hayo, kina ukoko na usaha tu, na kipimo kinaweza kuonyesha hakuna fangasi ilhali wapo. Ilitubidi tutibu kwanza jeraha la moto wa kemikali, na magamba yalipojitokeza tena pembeni ndipo nyuzi zilipoonekana. Alitumia krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku kwa wiki nne, akiipaka hadi sentimita 2 nje ya duara. Krimu hiyo hiyo ingemtosha tangu siku ya kwanza.

Ninachokihofia zaidi ni mtu kujipaka kemikali hivi kwenye baka lisilohisi mguso, ambalo huenda ni ukoma, kwa sababu mwenye nalo hasikii maumivu yanayomwambia aondoe kemikali.

Aliyekwisha kujipaka kemikali ya aina hii aoshe mahali hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, wala asiongeze limau au siki, kwani asidi ikichanganyika na dawa ya madoa yenye klorini hutoa gesi yenye sumu. Kisha aende kituo cha afya na chupa yenyewe, aeleze alichopaka na siku alizopaka.