Hati Namba 0416: Msimamizi wa Bohari Anapotakiwa Kurudisha Tarehe Nyuma

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania hufungwa tarehe 30 Juni, na kwa sisi tunaofanya kazi ya ukaguzi wa ndani, wiki mbili zinazouzunguka usiku huo ndizo zenye maombi mengi ya kuandika tarehe isiyo ya kweli. Hadithi ifuatayo ni ya kubuni, lakini kila nyaraka inayotajwa ndani yake ni ya kawaida katika bohari yoyote ya umma.

Bi. Mwanaidi ni Ofisa Ugavi anayesimamia bohari ya halmashauri moja, akiwa na mtunza bohari kijana chini yake. Halmashauri iliagiza vitanda vya wagonjwa kwa ajili ya hospitali ya wilaya, kwa mkataba wa shilingi 48,000,000 uliotaka vitanda vifike ifikapo tarehe 27 Juni. Mkataba ulieleza pia kwamba mzabuni akichelewa atakatwa asilimia 0.2 ya thamani kwa kila siku. Vitanda vilifika tarehe 4 Julai, saa nne asubuhi. Mlinzi aliandika namba ya lori katika daftari la getini, dereva akatoa hati ya kukabidhi mali yenye tarehe hiyo hiyo, na wajumbe wa kamati ya ukaguzi na mapokezi wakaitwa ili waanze kuhesabu na kukagua.

Kabla ya adhuhuri, mkuu wa idara alimwita ofisini kwake.

"Bi. Mwanaidi, hati ya kupokelea vile vitanda iandikwe tarehe 27 Juni," alisema. "Fedha zilitengwa kwa mwaka uliokwisha. Tukiandika Julai malipo yatakwama, na wagonjwa wanalala wawili wawili. Vitanda si vimefika? Hakuna aliyeiba kitu."

Hoja hiyo haikuwa ya mtu mwovu, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Anayeomba tarehe irudishwe nyuma kwa kawaida hutanguliza sababu njema, na mara nyingi huwa anaiamini mwenyewe. Bi. Mwanaidi alijibu kwa upole, "Nimekuelewa, Mkuu. Naomba nikaangalie nyaraka kwanza, kisha nitakuletea maelezo kwa maandishi."

Alirudi bohari akamkuta kijana ameshafungua kitabu cha hati za kupokelea mali. Kurasa za kitabu hicho huchapishwa namba kiwandani, na kila hati ina nakala: moja huenda kwa mhasibu, moja kwa mzabuni, na moja hubaki kitabuni. Ukurasa mtupu uliofuata ulikuwa namba 0416. Hati namba 0415 ilikuwa ya karatasi za ofisi zilizopokelewa tarehe 3 Julai. Kwa hiyo kuandika tarehe 27 Juni kwenye 0416 kungekuwa sawa na kudai kwamba bohari ilipokea vitanda kabla ya karatasi, ilhali hati ya karatasi ndiyo iliyotangulia kuandikwa. Mkaguzi huliona jambo hili bila kuuliza swali lolote, kwa sababu mojawapo ya kazi zake za kwanza ni kuchukua hati za mwisho za Juni na za mwanzo wa Julai na kuzilinganisha na daftari la getini, hati za kukabidhi mali na kadi za stoo.

Jambo la pili aliloliona lilikuwa la fedha. Kutoka tarehe 27 Juni hadi 4 Julai ni siku saba. Asilimia 0.2 ya shilingi 48,000,000 ni shilingi 96,000, na kwa siku saba ni shilingi 672,000. Mkuu wa idara hakuitaja fidia hiyo, na huenda hakuikumbuka, lakini tarehe aliyoitaka ingeifuta yote na kumpa mzabuni haki asiyostahili. Muda wa dhamana ya vitanda nao, unaohesabiwa tangu siku ya kupokelewa, ungepungua kwa wiki nzima.

Jambo la tatu ndilo lililomkaa moyoni zaidi. Saini ya kwanza kwenye hati haikuwa yake wala ya mkuu wa idara, bali ya mtunza bohari, mwajiriwa aliyekuwa bado katika kipindi cha majaribio. Tarehe ya uongo ingebaki na jina la kijana huyo hata baada ya wakubwa wote wawili kuhamishwa. Kwa maoni yangu, msimamizi anayekubali shinikizo la namna hii hujitetea kwamba amemtii mkubwa wake, lakini kwa hakika amempa mdogo wake mzigo asiouchagua.

"Andika tarehe ya leo," alimwambia. "Ukiulizwa, sema mimi ndiye niliyekuelekeza."

Kisha aliandika dokezo la ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara. Alieleza siku vitanda vilipofika, akaambatisha nakala ya hati ya kukabidhi mali na ya ukurasa wa daftari la getini, akaonyesha hesabu ya fidia, na akapendekeza mhasibu ashughulikie malipo hayo kama ahadi ya mwaka uliopita inayohitaji idhini katika mwaka mpya. Hayakuwa deni la tarehe 30 Juni, kwa kuwa siku hiyo mali ilikuwa haijafika. Mwisho aliongeza kwamba iwapo kuna maelekezo tofauti, anaomba ayapate kwa maandishi. Dokezo halikumshutumu mtu, wala halikutaja mazungumzo ya ofisini. Maelekezo ya maandishi hayakuja.

Hapa wasomaji wengi huuliza kama kila hati inayoandikwa baada ya tukio ni kosa. Sivyo. Lau vitanda vingefika kweli tarehe 27 Juni na kijana akawa mgonjwa hadi tarehe 4 Julai, hati ingeandikwa tarehe 4 Julai, na ndani yake kuelezwa kwamba mali ilipokelewa tarehe 27 Juni, pamoja na sababu ya kuchelewa kuandika na vielelezo vyake. Hati hiyo ina tarehe mbili, ya tukio na ya kuandikwa, na zote ni za kweli. Kosa ni kuificha mojawapo. Hati ya uongo iliyotengenezwa kwa nia ya kudanganya huangukia katika kosa la kughushi chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na mtumishi anayemkabidhi mwajiri wake hati yenye maelezo ya uongo ili kumpotosha hukutana pia na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Sura ya 329. Kusema "niliagizwa" hakumwondolei mtia saini wajibu wake.

Vitanda vilipelekwa wodini mara kamati ilipomaliza ukaguzi, kwani matumizi yake hayakutegemea siku ya malipo. Mzabuni alilipwa baada ya idhini kutoka, akiwa amekatwa shilingi 672,000. Mkuu wa idara hakumpongeza Bi. Mwanaidi, na kwa muda hakumshirikisha katika vikao alivyozoea kuitwa. Sitaki kumficha msomaji gharama hiyo, maana ipo.

Iwapo shinikizo lingeendelea, hatua iliyofuata ingekuwa kupeleka nakala ya dokezo kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri, na likigusa manufaa ya mtu binafsi, kuifikia TAKUKURU kwa namba 113, ambayo hupigwa bila malipo. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamhusu mtumishi wa namna hiyo, mradi atoe taarifa kwa nia njema na kwa mamlaka inayohusika, na nakala ya dokezo yenye tarehe sahihi ni miongoni mwa vielelezo vya kwanza atakavyohitaji.