Kutoka video ya mhadhara hadi nukuu zenye muda na namba ya slaidi

Wiki ya tesiti, meza yetu ya msaada katika maktaba ya chuo hapa Dar es Salaam huwa haikauki watu. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa uhandisi aliyekuja na video ya mhadhara wa zege ya dakika 58, pamoja na faili la slaidi lenye kurasa 24. "Madam, mwalimu alieleza vizuri kwa nini fundi hatakiwi kuongeza maji kwenye zege likianza kukauka. Nilimsikia kabisa. Ila sijui ni wapi." Alikuwa ameshaburuta kile kidude cha kwenye video huku na huko kwa karibu saa nzima. Daftari lake lilikuwa na nukuu nzuri tu, lakini hakuna hata mstari mmoja uliosema maneno yale yalitoka dakika ya ngapi, wala mbele ya slaidi gani.

Wengi wakitaka kutengeneza nukuu zenye alama za muda huanza na maneno: wanasikiliza, wanasimamisha video, wanaandika, wanaendelea. Ninashauri uanze na slaidi. Tafuta kwanza sekunde ambayo kila slaidi ilitokea kwenye video, upate mifupa ya mhadhara mzima, kisha ndipo utundike maneno juu yake. Slaidi inapobadilika picha nzima hubadilika, na badiliko hilo kompyuta inaweza kuliona yenyewe bila wewe kukaa dakika 58 ukikodoa macho.

Programu tunayotumia ni `ffmpeg`. Haiuzwi, na ukishaipakua haihitaji bando. Unafungua dirisha la amri kwenye folda yenye video, unaandika hivi katika mstari mmoja:

```
ffmpeg -i zege.mp4 -vf "fps=1,select='eq(n,0)+gt(scene,0.05)',showinfo" -fps_mode vfr picha_%03d.png 2> muda.txt
```

Amri hii inachukua picha moja kwa kila sekunde, inailinganisha na iliyoitangulia, na kuhifadhi zile tu zilizobadilika vya kutosha. Kipande cha `eq(n,0)` kinaiambia ihifadhi na picha ya kwanza kabisa, ambayo haina ya kulinganishwa nayo. Ukikisahau, slaidi ya kwanza haitokei na hesabu yako yote inapungua moja. Kwenye faili la `muda.txt` kila picha iliyohifadhiwa ina mstari wake, na ndani yake utaona kitu kama `pts_time:892`. Hizo ni sekunde tangu video ianze. Gawa kwa 60 upate dakika 14 na sekunde 52. Kama toleo lako la programu ni la zamani na likakataa `-fps_mode`, weka `-vsync` mahali pake.

Ile 0.05 ndiyo ya kuchezea. Ni kipimo cha ukubwa wa badiliko, kati ya 0 na 1. Slaidi nyingi za darasani ni maandishi meusi juu ya weupe uleule, kwa hiyo kutoka moja kwenda nyingine picha haibadiliki sana, na kizingiti kinachofaa kwa filamu hapa kingeziruka nyingi. Ukipata picha chache mno kuliko slaidi, shusha hadi 0.02. Zikiwa mamia, pandisha hadi 0.1, lakini kwanza tazama zina nini. Mara nyingi chanzo ni uso wa mwalimu kwenye kidirisha cha pembeni: kila akitikisa kichwa, kompyuta inadhani slaidi imebadilika. Dawa yake ni kukata upande huo kabla ya kulinganisha. Ukiongeza `crop=iw*0.8:ih:0:0,` mbele ya `fps=1`, unabakiza asilimia 80 ya picha kuanzia kushoto.

Kwa video ya zege tulipata picha 31, na slaidi ni 24. Hapo ndipo kazi ya macho ilipoanza. Tulifungua picha zote kwenye folda upande mmoja na faili la slaidi upande wa pili. Ukurasa wa 6 ulikuwa na animesheni, nukta zake zikiingia moja baada ya nyingine pamoja na michoro, hivyo ukatoa picha nne badala ya moja. Ukurasa wa 17 ulikuwa na kipande cha video cha kupima ulaini wa zege kwa ile koni ya chuma, nao ukazaa picha nne za ziada. Tukaziondoa hizo saba, tukibakiza picha ya kwanza ya kila ukurasa. Zikabaki 24.

Picha 24, kurasa 24. Kijana alifurahi, akataka kuandika namba moja hadi ishirini na nne kwa kufuatana. Nilimzuia. Alipotazama moja moja aligundua kuwa ukurasa wa 11 na wa 20 mwalimu aliziruka, hazikuonekana kabisa. Kisha mwalimu, akiwa ukurasa wa 14, alirudi kwenye ukurasa wa 9 kujibu swali na kurudi tena wa 14. Kurasa mbili zilipungua, picha mbili zikaongezeka, hesabu ikaonekana sawa. Angezipanga kwa kufuatana, mstari wa 11 hadi wa 20 yote kumi ingeelekeza kwenye slaidi isiyo yake. Kibaya zaidi, mistari ya mwanzo na ya mwisho ingekuwa sahihi, kwa hiyo hata angekagua miisho yote miwili asingegundua. Jumla kulingana si ushahidi kwamba slaidi zimeoana. Soma kichwa cha kila slaidi kwenye picha, ukikute kwenye faili, ndipo uandike namba.

Na namba yenyewe iwe ya ukurasa wa faili la PDF. Slaidi nyingi zina namba iliyochapwa chini pembeni, na mara nyingi jalada halihesabiwi, kwa hiyo ukurasa wa 9 umeandikwa 8. Ukifungua faili kwenye kivinjari kwa kuandika `zege.pdf#page=9`, kinachofuatwa ni ukurasa wa faili. Chagua hiyo, na kando yake andika kichwa cha slaidi kwa maneno. Kichwa hicho kitakuokoa siku mwalimu akiweka toleo jipya la slaidi lenye ukurasa mmoja ulioingizwa katikati, namba zote zikasogea.

Sasa maneno. Muda wa slaidi kubadilika si lazima uwe muda wa mada kuanza. Walimu wengi huanza kuongea jambo jipya kisha ndipo wabonyeze. Kwenye mhadhara huu slaidi ya 9 ilitokea sekunde ya 892, lakini mwalimu alikuwa ameshaiacha mada ya mchanga na kuingia kwenye maji sekunde ya 884. Ukiweka alama penye 892, anayefungua nukuu zako atakuta sentensi imekatwa kichwa. Kwa hiyo kwa kila mstari rudi nyuma kama sekunde 15, sikiliza, na uandike muda ambao mwalimu anavuta pumzi kuanza. Hatua hii kompyuta haikufanyii, na ndiyo inayokula muda mwingi kuliko zote.

Katika kuandika, usinakili slaidi. Slaidi unayo. Andika kile ambacho mwalimu alisema na slaidi haina: mfano wa ubaoni, onyo, jibu la swali. Mistari miwili ya kijana yule ikawa hivi:

```
00:14:44 | uk. 9 | Uwiano wa maji na saruji | Mfano wa ubaoni: mfuko wa kilo 50, uwiano 0.5, maji lita 25.
00:31:40 | uk. 9 (amerudi) | Uwiano wa maji na saruji | Swali: kuongeza maji zege likikauka. Lita 5 zaidi = 30/50 = 0.6; nguvu inashuka.
```

Mstari wa pili ndio aliokuwa akiutafuta. Alikuwa akipekua dakika za mwanzo, penye slaidi ya maji, kumbe maelezo yalikuja dakika 17 baadaye kwa sababu mwenzake aliuliza. Ndiyo maana orodha inapangwa kwa muda, si kwa namba ya slaidi. Slaidi moja inaweza kuonekana mara tatu, na mara ya tatu ndiyo yenye nyama.

Muda uandikwe sehemu tatu siku zote: saa, dakika, sekunde. Ukiandika 1:04, mwenzako hajui ni dakika moja na sekunde nne au saa moja na dakika nne. Na ukiingiza 14:52 kwenye Excel, inasoma saa kumi na nne na dakika hamsini na mbili. Ukiingiza 00:14:52 inasoma sawasawa. Ukitaka sekunde kwa ajili ya kiungo, zidisha kisanduku hicho kwa 86400 na ukipe muundo wa namba ya kawaida. Video ya YouTube yenye anwani ndefu ya `watch?v=` inapokea `&t=884s` mwishoni mwa anwani yake; faili la mp4 lililofunguliwa kwenye kivinjari linapokea `#t=884`. Kwenye VLC bonyeza Ctrl na T, uandike muda. Lakini video ikitumwa kama faili kwenye kundi la WhatsApp hakuna kiungo kitakachoingia ndani yake, kwa hiyo muda uliosomeka kwa macho ubaki kwenye nukuu hata kama umeweka viungo.

Kuna rekodi ambazo amri ile haizisaidii. Video iliyopigwa kwa simu kutoka kiti cha nyuma inatikisika, vichwa vya watu vinapita, na kila sekunde inaonekana badiliko. Hapo fanya kwa mkono: buruta video taratibu, simamisha slaidi inapogeuka, andika muda. Kwa kurasa ishirini na kitu ni kazi inayobebeka, na hata mwenye simu tu anaiweza.

Jambo la mwisho la kukagua ni video yenyewe. Mara nyingi rekodi ya kwanza ina dakika kadhaa za watu kuingia na kuulizana kama sauti inasikika, kisha anayeisimamia anazikata na kuipandisha upya. Alama zako zote zinasogea. Fungua mstari mmoja wa mwanzoni na mmoja wa mwishoni. Ikiwa yote miwili imepishana kwa sekunde zilezile, punguza kiasi hicho kwenye safu nzima na kazi imekwisha. Ikiwa tofauti hazilingani, kuna kipande kimekatwa katikati. Endelea kupima mistari ya kati mpaka uone tofauti inapobadilikia, urekebishe kuanzia hapo kwenda chini.