Je, wajua fundi anaweza kuisoma oili bila kuiona?

"Nilipiga picha stiki ya oili baada ya IST yangu kupita kwenye maji, kisha simu ikaibiwa na picha ikaenda nayo. Fundi wangu yuko Mbagala, mimi niko Sinza. Nikimweleza kwa maneno tu, atajua injini ina nini?"

Ataweza kujua mengi, pengine kuliko ambavyo angejua kwa picha. Picha ya simu ina udanganyifu wake. Fleshi huifanya oili safi ionekane nyeupe, kivuli huifanya oili ya kawaida ionekane imeungua. Tena picha haina harufu, wala huwezi kuisugua kati ya vidole. Kama injini haijawashwa tangu siku ile, chomoa stiki upya, maana oili bado iko pale pale. Ila usiwashe gari ili "lipate joto kidogo" kwanza. Sababu nitaieleza.

Gari liwe mahali tambarare. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, kisha ichomoe tena na usome ule mstari wa pili. Ule wa kwanza huwa na oili iliyopanda kwenye bomba la stiki na mara nyingi hudanganya. Upande mmoja ukionyesha juu kuliko mwingine, amini ulio chini. Kisha pakaza tone kwenye tishu nyeupe, ndipo utaje rangi.

Fundi mzuri hataanza na rangi, ataanza na kiwango. Oili nyeusi yenyewe si habari. Injini ya dizeli huifanya oili mpya kuwa nyeusi ndani ya siku chache, na ya petroli nayo huichafua polepole kwa sababu kazi mojawapo ya oili ni kubeba masizi. Kiwango ndicho chenye habari. Kikishuka, oili inavuja au inaungua, na hilo wengi wanalijua. Kikipanda ilhali hujaongeza kitu ni jambo zito zaidi, kwa sababu oili haizaani. Kuna kimiminika kingine kimeingia, nacho huwa ni maji au mafuta ya gari.

Hapo ndipo rangi, mguso na harufu vinapopata kazi. Petroli ikiingia, kwa mfano kwa injekta inayovuja au plagi isiyochoma, rangi haibadiliki sana. Oili inakuwa nyepesi, inateleza upesi kutoka kwenye stiki, na ukiinusa unapata harufu ya petroli. Maji yakiingia mambo ni kinyume: harufu ya petroli haipo, oili inakuwa nzito na laini kama krimu, na rangi inageuka kuwa ya chai ya maziwa. Maji yenyewe hayana rangi hiyo. Yanapopigwapigwa na injini inayozunguka, hugawanyika kuwa matone madogo mno yanayoning'inia ndani ya oili, na matone hayo hutawanya mwanga. Kwa hiyo weupe ule unamwambia fundi pia kwamba injini ilizunguka maji yakiwa tayari yamo ndani.

Sasa tuseme gari lilipita bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika, maji yakiwa yamefika kwenye bampa, likazima njiani, likajaribiwa kuwashwa mara mbili, likawaka na kufika nyumbani. Unampigia fundi: "Juzi oili ilikuwa katikati ya L na F. Leo imepita F kidogo. Iko kama chai ya maziwa stiki yote, haina harufu ya petroli, na sijaongeza kitu." Kwa magari mengi madogo, pengo kati ya alama hizo mbili za stiki, L ya chini na F ya kujaa, ni takriban lita moja. Kwa maelezo hayo fundi anajua kuna nusu lita au zaidi ya maji ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na swali lake linalofuata litakuwa: yametoka wapi?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni rejeta: gasketi ya silinda hedi ikikatika, maji ya kupoozea injini hupenya kwenye njia za oili. Ya pili ni mafuriko yenyewe, kupitia eya klina au njia za hewa za injini. Namna ya kuzitenganisha haihitaji kifaa. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Nusu lita ikiwa imetoka humo, lazima ionekane imepungua. Rejeta ikiwa imejaa mpaka shingoni na tangi lake la akiba halijashuka, lawama inahamia Jangwani. Fungua na boksi la eya klina. Chujio likiwa limelowa au lina tope, jibu umelipata. (Rangi ya kulanti ingesaidia pia, lakini magari mengi mjini yanatembea na maji ya bomba kwenye rejeta, kwa hiyo usiitegemee.)

Hapa ndipo sababu ya kutowasha inapokuja. Maji yakiwa yamekaa juu ya pistoni hayabanwi kama hewa, na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inaweza kupinda kwa mzunguko mmoja tu. Hata yakiwa chini tu kwenye sampu, yanavunja utando wa oili unaotenganisha beringi na krenkshafti, na chuma kinaanza kula chuma. Gari hilo libebwe na breki dauni mpaka gereji. Ndiyo, ni gharama, lakini injini iliyokufa ni gharama kubwa zaidi.

Kuna dalili moja ya uongo inayowatisha watu bure. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili ukakuta krimu ya njano chini yake, lakini stiki ni safi na kiwango hakijabadilika, mara nyingi ni unyevu wa hewa ulioganda kwenye gari linalokwenda safari fupi fupi, injini isipate joto la kutosha kuukausha. Ndiyo maana umwambie fundi krimu iko wapi: kwenye kifuniko, sehemu ya juu ya stiki, au pale kwenye alama.

Maneno yana mpaka wake, na fundi mkweli atakuambia. Hawezi kujua kwa simu kama konrodi imepinda au beringi zimekwaruzwa. Ukiona vumeta vya chuma kwenye tishu, au ukihisi chenga ukisugua, mtajie, maana hiyo inamwelekeza kwenye beringi.

Gari likifika gereji na kulala usiku kucha, alegeze nati ya sampu taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yale ambayo hayajachanganyika hutoka kwanza. Baada ya hapo plagi zitolewe na injini izungushwe kwa mkono kabla ya kuguswa starta. Filta ibadilishwe pamoja na oili, injini iwake kwa muda mfupi, kisha oili hiyo nayo imwagwe, kwa sababu ile chai ya maziwa hubaki kwenye kona ambazo umwagaji wa kwanza haukufika. Pimeni stiki kila asubuhi kwa wiki ya kwanza. Rangi ikibaki ya asali, yalikuwa ni maji ya barabarani tu. Ikirudi kuwa nyeupe huku rejeta ikipungua, basi silinda hedi ifunguliwe.