Madoa ya kahawia kwenye miundi ya mwenye kisukari

"Kwa nini mama yangu mwenye kisukari ana madoa ya kahawia kwenye miundi yote miwili, ilhali hajaumia wala hawashwi?"

Huenda ni dalili ya ngozi inayoambatana na kisukari. Ilielezwa mwaka 1964 na daktari Hans Melin wa Uswidi, na mwaka uliofuata daktari mwingine, Binkley, akaipa jina ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, diabetic dermopathy, lenye maana ya ugonjwa wa ngozi wa kisukari. Nilipoyaona kwa mara ya kwanza kwenye miguu ya shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 58, nilisema bila kusita kwamba ni makovu ya kujigonga kwenye stuli za jikoni. Yeye aliamini ni fangasi, na kwa miezi miwili alijipaka krimu ya dukani bila doa hata moja kubadilika.

Dhana ya makovu ina mvuto, kwa sababu muundi ndiyo sehemu ya mguu inayogongwa kila siku. Melin mwenyewe aliijaribu: aliwagonga wagonjwa kwenye miundi kwa nyundo ya mpira mgumu, na madoa hayakutokea. Baadaye mtafiti mwingine wa Uswidi, Lithner, aliona kwamba joto na baridi viliweza kuyaanzisha kwa wenye kisukari. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba majeraha hayana mchango wowote, ila mwenye doa asiyekumbuka kujigonga hapaswi kudhaniwa amesahau. Kovu huwa na historia yake: palikuwa na kidonda, pakatoka damu au usaha, pakafanya gaga, na alama iliyobaki ina umbo la jeraha lenyewe, pengine ndefu kama mkwaruzo, pengine imeinuka au imekuwa ngumu. Doa la kisukari huanza bila kidonda, kama kipele bapa chekundu au chenye weusi uliokolea, na baada ya wiki moja au mbili hubadilika kuwa duara au yai la kahawia, kwa kawaida lisilozidi sentimita moja, lililodidimia kidogo na lenye ngozi nyembamba.

Rangi hiyo inatoka wapi? Fikiria bomba la chuma lililopita ndani ya ukuta na kuanza kuvuja kidogo kidogo. Maji hukauka, lakini plasta hubaki na doa la kutu. Kisukari cha muda mrefu huziharibu kuta za mishipa midogo sana ya damu, nazo huruhusu chembe nyekundu kupenya kuingia kwenye ngozi. Chembe hizo hufa, maji na protini zake huondolewa, lakini chuma kilichokuwa kikibeba oksijeni hubaki, kikihifadhiwa na seli walinzi kwa umbo la hemosiderini, ambayo rangi yake ni ya kutu. Melanini nayo huongezeka mahali hapo, na kwa ngozi nyeusi ndiyo huonekana zaidi. Maelezo haya yanaafikiana na kinachoonekana kwa hadubini, ingawa kinachochochea uvujaji mahali fulani na si pengine bado hakijathibitishwa.

Fangasi ni rahisi zaidi kuitenga. Madoa yake huwasha, hupukutisha magamba, na hupanuka kuelekea nje, hivyo ukingo huinuka huku katikati pakianza kusafika. Doa la kisukari halina ukingo ulioinuka, wala haliwashi. Palipo na shaka, mhudumu hukwangua magamba ya ukingoni na kuyaangalia kwa hadubini baada ya kuyatia hidroksidi ya potasiamu, ambayo huyeyusha seli za ngozi na kuacha nyuzi za fangasi zikionekana. Ikumbukwe kwamba krimu yenye steroidi huweza kuficha sura ya fangasi, na ikitumika kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba zaidi.

Tulipohesabu madoa ya shangazi yalikuwa 7, manne mguu wa kulia na matatu wa kushoto, bila kupangana sawasawa. Hesabu hiyo ina uzito, kwa kuwa doa moja au mawili huonekana hata kwa wasio na kisukari, ilhali manne au zaidi ni nadra kwao. Kliniki haikumpa dawa ya madoa, kwani hayahitaji tiba, wala haikukata kipande cha ngozi, maana kidonda cha muundi huchelewa kupona kwa wenye kisukari. Ilimpima macho, protini kwenye mkojo, na hisia za nyayo, kwa sababu madoa haya mara nyingi huandamana na madhara ya mishipa midogo katika sehemu hizo. Kila doa hufifia baada ya takriban miezi 18 hadi 24, huku mengine yakichipuka, na haijathibitishwa kwamba kudhibiti sukari vizuri huyafuta.